Merck ya Darmstadt au Merck ya Rahway? Mwongozo wa kutofautisha kampuni mbili zenye jina moja

Watoto wa shule za visiwani Ukerewe wanapopanga foleni kumeza praziquantel, dawa ya kichocho, vidonge vile huwa vimetolewa bure na Merck kupitia Shirika la Afya Duniani. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, watu wanapomeza Mectizan ya kuzuia usubi, dawa hiyo nayo ni msaada wa Merck. Ukizisoma taarifa hizi mbili kwa kufuatana utaona kampuni moja yenye moyo mkubwa. Kumbe ni mbili. Ya kwanza ni ya Wajerumani, ya pili ni ya Wamarekani. Hazina umiliki wa pamoja wala bodi moja, na kwa miaka mingi zimeburutana mahakamani zikigombea hilo hilo jina.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi yake inamlazimisha kujua ni ipi inayosemwa: anayetafsiri habari za afya, mfamasia anayefuatilia dawa yenye kasoro, mwanafunzi anayeagiza kemikali za maabara, anayeomba ufadhili wa masomo, na huyu wa siku hizi anayenunua hisa za nje akiwa amekaa sebuleni na simu yake.

Kwanza ujue zilivyoachana

Mwaka 1668 Friedrich Jacob Merck alinunua duka la dawa mjini Darmstadt, Ujerumani. Mzao wake, Heinrich Emanuel Merck, akaanza kutengeneza dawa kwa wingi, morfini ikiwemo, kuanzia mwaka 1827. Kufika mwishoni mwa karne ya 19 ukoo huo ulikuwa na tawi New York, na mwaka 1891 kijana wao George Merck alivuka bahari kwenda kulisimamia. Hadi hapo ilikuwa nyumba moja.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoigawa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ilitunga sheria ya kuchukua mali za adui, na hisa za Wajerumani katika Merck ya New York zikashikiliwa na serikali. Mwaka 1919 ziliuzwa kwa mnada, na George Merck akaibuka na kampuni isiyo na uhusiano tena na jamaa zake wa Darmstadt. Mwaka 1953 kampuni hiyo ya Marekani iliungana na nyingine iitwayo Sharp & Dohme, na hapo ndipo zilipozaliwa herufi tatu unazoziona kwenye maboksi ya dawa, MSD, yaani Merck Sharp & Dohme.

Jina lilikuwa na thamani pande zote mbili, hivyo wakaandikiana mikataba ya nani alitumie wapi. Unaotajwa sana ni wa mwaka 1970. Kila kitu katika hatua zifuatazo kinatokana na mikataba hiyo, kwa hiyo usiisahau.

Hatua ya kwanza: uliza maneno yametoka nchi gani

Watu wengi huanza kwa kuitazama kampuni yenyewe. Anza na mahali maneno yalipoandikiwa, maana mgawanyo wa jina ulifanywa kwa ramani.

Ndani ya Marekani na Kanada, Merck ni ile ya Wamarekani. Wajerumani hawaruhusiwi kujiita hivyo huko, kwa hiyo hujiita EMD, kifupi cha Emanuel Merck, Darmstadt. Dawa zao za binadamu huuzwa kwa jina la EMD Serono, na vifaa vyao vya maabara kwa jina la MilliporeSigma.

Nje ya nchi hizo mbili mambo yanageuka. Tanzania, Kenya, Kongo, Omani, Uingereza, kote huko Merck ni ile ya Wajerumani, na Wamarekani hujiita MSD.

Basi dada aliyeko Minneapolis, anayefanya kazi ya uuguzi, akimpigia kaka yake mwenye famasia Mombasa na kumwambia "dawa ya Merck," kila mmoja anaiona kampuni tofauti kichwani. Dada anawaza Keytruda na Gardasil. Kaka anawaza Glucophage na Concor. Wote wako sahihi pale walipo.

Kanuni hii haina shida kwenye boksi la dawa, bango la ofisi, kadi ya mwakilishi wa mauzo au tangazo la kazi la hapa nchini. Ukiona Merck peke yake kwenye boksi lililoletwa rasmi kwa soko letu, huyo ni Mjerumani.

Panapovuja ni kwenye habari. Mashirika makubwa ya habari yanayoandika kwa Kiingereza huita kampuni ya Marekani "Merck" bila kuongeza kitu, kwa kuwa wasomaji wao wengi wako huko. Habari hiyo hiyo hutua kwenye meza za Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu, inatafsiriwa, na jina linaachwa lilivyo. Msomaji wa Bukavu, ambaye kwake Merck kisheria ni ya Wajerumani, anasoma kuhusu Wamarekani bila kuambiwa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa mwaka 2018 Kivu Kaskazini na Ituri. Chanjo iliyotumika, ambayo baadaye ilipewa jina la Ervebo, ilitajwa kila siku kuwa chanjo ya Merck. Ni ya Wamarekani, na kwa jina linalotumika Kongo ni ya MSD.

Kwa hiyo swali la kwanza lina sehemu mbili. Maandishi unayoyasoma yapo wapi sasa, na kabla hayajafika hapo yalitoka wapi? Kama ni tafsiri, rudi kwenye asili yake.

Hatua ya pili: tafuta mkia wa jina na mji

Jina likiwa kamili, kazi inakuwa nyepesi. Wajerumani ni Merck KGaA. Herufi hizo ni aina ya kampuni inayopatikana katika sheria za Kijerumani, ambamo wapo wabia wenye dhamana kamili na wapo wenye hisa za kawaida. Wamarekani ni Merck & Co., Inc. Ukiona KGaA, ni Darmstadt. Ukiona Inc., ni Marekani.

Kampuni zenyewe, hasa zikihofia kushtakiana, huandika mpaka mji. Taarifa za Wajerumani zinazolenga wasomaji wa Amerika Kaskazini husema "Merck KGaA, Darmstadt, Germany" kila zinapotaja jina. Wamarekani nao huandika "Merck & Co., Inc., Rahway, NJ, USA". Sentensi inakuwa ndefu kama treni ya mizigo, lakini mhariri anayeukata mkia huo ili habari isomeke vizuri ndiye anayeanzisha mkanganyiko.

Kuna jambo moja kuhusu mji wa Wamarekani. Makao yao makuu yamehama ndani ya jimbo hilo hilo la New Jersey, kwa hiyo nyaraka za zamani zina Whitehouse Station, za baadaye kidogo zina Kenilworth, na za sasa zina Rahway. Hizo si kampuni tatu. Darmstadt haijahama.

Kwenye boksi la dawa usitosheke na jina kubwa la mbele. Geuza ubavuni, au fungua karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani uende mwisho kabisa. Hapo kuna mistari miwili ambayo watu huichanganya: nani ametengeneza na nani ana kibali cha kuiuza. Unachotafuta ni mwenye kibali, maana kiwanda kinaweza kuwa popote.

Na kiwanda kweli kinaweza kuwa popote. Ervebo, chanjo ya Wamarekani, hutengenezwa Burgwedel, karibu na Hanover. Hiyo ni Ujerumani. Mtu akisoma "imetengenezwa Ujerumani" na kuona jina Merck jirani yake, atahitimisha kwa uhakika wote kwamba ni ya Darmstadt, na atakuwa amekosea. MSD ina kampuni tanzu Ujerumani yenye ofisi Munich, na ina majengo makubwa Haarlem, Uholanzi.

Upande wa pili uko vivyo hivyo. Ingia maabara ya kemia ya chuo kikuu chochote hapa kwetu, tazama chupa kwenye kabati. Utakuta Sigma-Aldrich, na chini yake anwani ya St. Louis, Marekani. Mwanafunzi anasema hii ni ya Wamarekani. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 2015, Merck ya Darmstadt ilipoinunua kwa dola bilioni 17. Miaka mitano kabla ya hapo ilikuwa imeshainunua Millipore, nayo ya Marekani, inayojulikana kwa vichujio vya maabara. Kwa hiyo chupa yenye anwani ya Missouri ni mali ya Wajerumani, na chanjo yenye anwani ya Ujerumani ni mali ya Wamarekani. Nchi iliyo kwenye anwani usiifanye ushahidi peke yake. Shika mkia wa jina.

Hatua ya tatu: bidhaa yenyewe itakuambia, ukiangalia mwaka

Pale ambapo jina halina mkia wala mji, nenda kwenye jina la bidhaa. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwa kuwa kampuni hizi hazichangii bidhaa.

Za Darmstadt utakazokutana nazo sana huku kwetu ni Glucophage ya kisukari, Concor ya moyo na shinikizo la damu, Euthyrox ya tezi, na Gonal-f inayotumika kwenye matibabu ya ugumba. Za MSD ni Januvia ya kisukari, Gardasil ya kukinga virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, Isentress ya VVU na Keytruda ya saratani. Zingatia kwamba kwenye kisukari zote mbili zipo, kwa hiyo kujua ugonjwa hakutoshi. Kwenye saratani ni hatari zaidi. Keytruda ya Wamarekani na Bavencio ya Wajerumani zote ni dawa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya uvimbe, zote hutolewa kwa dripu, na zimejaribiwa kwenye baadhi ya saratani zilezile. Habari inayosema "dawa ya Merck ya kuamsha kinga" bila kutaja jina la dawa haijasema kitu.

Kwa mifugo ni rahisi. Idara kubwa ya wanyama iko kwa Wamarekani tu, na nje ya Amerika Kaskazini inaitwa MSD Animal Health. Chanjo ya kichaa cha mbwa aina ya Nobivac ni yao.

Sasa, mwaka. Dawa huuzwa na kununuliwa kama mashamba, na lebo ya zamani inaweza kusema kweli ya wakati wake tu. Neurobion, vitamini B ambazo wengi wetu tumezikuta kabatini kwa wazazi, zilikuwa za Merck ya Darmstadt mpaka mwaka 2018, ilipouza kitengo chake chote cha dawa za dukani kwa Procter & Gamble. Boksi la kabla ya hapo lina jina Merck na la leo halina. Vipandikizi vya uzazi wa mpango vya Implanon vilikuwa chini ya MSD hadi Juni 2021, ilipomega kampuni mpya inayoitwa Organon na kuikabidhi bidhaa hizo. Mwenye kadi ya kliniki ya mwaka 2019 na mwenye ya mwaka 2023 wanaweza kuwa na kipandikizi kile kile chenye majina mawili ya kampuni, bila yeyote kughushi chochote.

Ukiwa na mashaka, usikisie. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania ina rejesta ya dawa zilizosajiliwa unayoweza kuipekua mtandaoni, na humo kila dawa ina jina la aliyeisajili na la kiwanda. Tafuta kwa jina la dawa, usitafute kwa neno Merck. Ukiandika Merck utaletewa za Wajerumani pamoja na zile za Wamarekani zilizosajiliwa kwa jina refu la Merck Sharp & Dohme, zote zikiwa zimechanganyika.

Hatua ya nne: misaada na taasisi, penye utelezi zaidi

Nimeiweka hatua hii peke yake kwa sababu kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina Merck hutokea gazetini mara nyingi kwenye habari za misaada, na majina ya misaada yenyewe yanafanana kupita kiasi.

Tuanze na yale ya juu. Praziquantel ya kichocho hutolewa na Darmstadt. Ushirikiano wao na Shirika la Afya Duniani ulianza mwaka 2007 na umefikia uwezo wa kutoa hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Wajerumani hao hao wako kwenye muungano uliotengeneza aina ya dawa hiyo kwa watoto wadogo wasioweza kumeza kidonge kikubwa. Majaribio yake yalifanyika Kenya na Kodivaa, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipa maoni mazuri.

Mectizan ya usubi hutolewa na Wamarekani. Ahadi yao waliitoa mwaka 1987, kwamba watatoa kiasi chochote kinachohitajika, kwa muda wote utakaohitajika. Baadaye wakaongeza matende na mabusha katika nchi ambazo magonjwa hayo yanaambatana na usubi. William Campbell, aliyekuwa mtafiti wao, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi iliyozaa dawa hiyo, pamoja na Satoshi Ōmura wa Japani. Ukitaka kitu cha kushika kichwani, kichocho ni Darmstadt na usubi ni Rahway.

Halafu kuna akina mama. Upo mradi wa kupunguza vifo vya uzazi ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ahadi ya dola milioni 500, ambao umefanya kazi Uganda na Kenya pia. Marekani unaitwa Merck for Mothers, na huku kwetu ni MSD for Mothers. Ni wa Wamarekani. Upo na mwingine unaoitwa Merck More Than a Mother, unaopinga kuwanyanyapaa wanawake wasiopata watoto, na huo mara nyingi unaonekana kwenye picha za wake wa marais wa Afrika. Huo ni wa Wajerumani, kupitia Merck Foundation. Mmoja unahusu mwanamke asife akijifungua, mwingine unahusu mwanamke ambaye hajazaa. Ripota akiandika tu "mradi wa Merck wa akina mama" anaweza kumpeleka mkunga wa Gulu kwenye mlango usio wake.

Neno Foundation nalo lina mtego. Merck Foundation inayotoa ufadhili wa masomo ya udaktari bingwa kwa madaktari wa Kiafrika, pamoja na tuzo za waandishi wa habari, ni ya Darmstadt, na tovuti yake ni `merck-foundation.com`. Lakini Wamarekani wana mfuko wao tangu mwaka 1957, ambao kwa jina kamili ni Merck Company Foundation, na kule kwao wanaufupisha vilevile kuwa Merck Foundation. Ukiandaa maombi, soma masharti hadi chini upate jina kamili la mtoaji na nchi alikosajiliwa kabla hujaandika barua. Barua inayoanza kwa kuisifu kampuni pinzani haiendi mbali.

Hatua ya tano: ikiwa ni fedha, tupa jina, shika namba

Kwenye masoko ya hisa alama ya Merck & Co. katika soko la New York ni MRK. Alama ya Merck KGaA katika soko la Frankfurt ni MRK. Sawasawa, herufi kwa herufi. Programu ya simu inayokuonyesha MRK bila kutaja soko haijakuambia unanunua nini.

Kinachotenganisha ni namba ya kimataifa ya hati ya hisa, ISIN, ambayo huanza na herufi mbili za nchi:

```
Merck & Co., Inc.   US58933Y1055
Merck KGaA          DE0006599905
```

Inakili kutoka hapo, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha wakala wako, na uone kama kinachotokea ndicho ulichokusudia. Sarafu itathibitisha: New York bei iko kwa dola, Frankfurt kwa yuro. Angalia na hali mbili zinazoharibu kanuni hiyo. Hisa za Wamarekani huuzwa Frankfurt pia, kwa yuro, kwa alama 6MK. Na hati zinazowakilisha hisa za Wajerumani huuzwa Marekani, kwa dola, kwa alama MKKGY. ISIN ya hati hizo za MKKGY huanza na US ingawa kampuni ni ya Ujerumani, kwa hiyo soma jina kamili lililo kando ya namba kabla ya kubonyeza nunua.

Tofauti nyingine inayomhusu mwenye pesa ni umiliki. Kwa Wajerumani, ukoo wa Merck bado umeshika takribani asilimia 70 ya mtaji, na wewe wa nje unanunua sehemu ya kile kilichobaki. Kwa Wamarekani hakuna ukoo wenye usukani.

Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue habari ya Ijumaa, Oktoba 1, 2021. Umeletewa meza ya tafsiri habari ya Kiingereza inayosema Merck imetangaza kwamba kidonge chake cha majaribio cha Uviko kimepunguza kwa karibu nusu idadi ya wagonjwa wanaolazwa au kufa, na kwamba hisa zake zimepanda. Jina limeandikwa Merck tu, halina mkia.

Unauliza habari imetoka wapi. Ni ya shirika linaloandikia wasomaji wa Marekani, kwa hiyo dhana ya kwanza ni Wamarekani. Ni dhana tu, hujamaliza. Unatafuta mji na haumo. Unakwenda kwenye bidhaa, unakuta molnupiravir, na jina la mshirika, Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ya Miami. Unafungua tovuti ya `merck.com`, unashuka hadi mstari wa mwisho wa ukurasa, unakuta Merck & Co., Inc. Unafungua `merckgroup.com`, ambayo ni ya Darmstadt, unatafuta molnupiravir, na hukuti kuwa ni yao. Mwisho unaangalia hisa zilizopanda ni za soko gani, na ni New York. Vidokezo vinne vimeelekea upande mmoja, hapo unaandika.

Namna ya kuandika ina umuhimu wake. Mara ya kwanza weka yote: "Merck & Co. ya Marekani, inayojulikana hapa nchini kwa jina la MSD." Kuanzia hapo tumia MSD hadi mwisho wa habari, hata kama asili inasema Merck. Wako wahariri wanaoona huko ni kuibadilisha habari. Mimi naona ni tafsiri sahihi, maana umempa msomaji jina lililo kwenye bango la nchini mwake. Kwa Wajerumani andika "Merck ya Ujerumani" mara ya kwanza, kisha Merck. Majina kama "Merck Group ya Marekani" au "MSD ya Ujerumani" yaepuke kabisa, isipokuwa kweli unazungumzia tawi la MSD lililoko Munich.

Kuhusu hiyo molnupiravir, ikiwa utarudi kuitumia: matokeo kamili yaliyotolewa Novemba mwaka huo yalishusha kinga hiyo hadi asilimia 30 hivi. Habari ya Oktoba isitumike peke yake.

Mahali ambapo hata hatua hizi hazitoshi

Mitandao ya kijamii ni ya dunia nzima wakati mkataba wa mwaka 1970 ulichorwa kwa mipaka ya nchi. Mwaka 2011 Wajerumani walikuta ukurasa wa Facebook wenye jina Merck uko mikononi mwa Wamarekani, wakaenda mahakamani New York kudai maelezo. Januari 2016 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba Wamarekani walivunja mkataba kwa kutumia jina hilo mtandaoni kwa namna iliyowafikia watu wa Uingereza. Rufaa na kesi za nchi nyingine zikafuata. Kwa mtumiaji wa kawaida maana yake ni kwamba jina la akaunti si ushahidi. Fungua wasifu wa akaunti, fuata kiungo cha tovuti, nenda kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa.

Nyaraka za zamani nazo zina sheria yake. Chupa au kitabu cha dawa cha kabla ya mwaka 1917 chenye jina Merck ni cha nyumba moja, hata kama kimechapwa New York, na hapo hakuna cha kutofautisha. Chupa za kemikali za katikati ya karne ya 20 zenye maandishi "E. Merck, Darmstadt", ambazo bado hujificha nyuma ya makabati ya shule kongwe, ni za Wajerumani. Ukiikuta moja, usiifungue kwa ajili ya kusoma lebo. Andika jina, mji na namba ya toleo ukiwa nje ya kioo, kisha mwite fundi wa maabara.